Mwalimu Dasta na Malkia Wanne

Festo Gidabuday alikuwa na dasta yake mwenyewe. Walimu wenzake katika kile chuo kidogo cha kompyuta kule Maisaka walifuta ubao kwa kiganja, kwa karatasi, au walimwachia anayefuata madudu yao. Festo hapana. Yeye alikuja na dasta mfukoni, mkewe Aikande alimshonea kwa kipande cha blanketi kuukuu akaijaza pamba, na herufi ikipinda kidogo tu anafuta, namba ikikaa vibaya anafuta, mstari ukienda upande anafuta mpaka ubao ung'ae. Wanafunzi walimwita Mwalimu Dasta. Yeye alijua, na tuseme ukweli, jina lilimpendeza.

Usafi ule haukuwa wa bure. Festo alizaliwa tambarare za Hanang, katika boma ambalo Kiswahili kiliingia na wageni na kutoka nao. Siku ya kwanza darasa la kwanza, mwalimu alimsimamisha juu ya dawati ahesabu hadi kumi. Alihesabu, akaruka namba, akachanganya lugha mbili, na darasa zima likacheka hadi kengele ikalia. Mtoto yule alishuka pale juu akiwa na uamuzi mmoja: hatafungua mdomo tena mpaka jibu limeshaiva kichwani. Akaushika uamuzi ule shuleni, akaushika chuoni Arusha, akaja nao Babati akiwa mwalimu. Kila kipindi alikifanyia kazi nyumbani kwanza, mezani, pembeni ya sahani za chakula cha jioni, akikosea na kurekebisha mahali ambapo hakuna wa kumwona isipokuwa Aikande, ambaye hakuhesabika. Darasani alifika na jibu lililokamilika, akalimwaga ubaoni kama mtu aliyezaliwa nalo.

Sasa, kwenye somo la algorithimu, yaani hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta, mwaka wa pili wa diploma, kuna mada ya malkia. Ni malkia wa mchezo wa chesi. Anakula akienda mlalo, anakula akienda wima, anakula akienda mshazari, umbali wowote autakao. Unapewa bodi ndogo, tuseme ya nne kwa nne, unaambiwa upange malkia wanne asiwepo hata mmoja anayeweza kumla mwenzake. Hakuna ujanja wa kubahatisha jibu mara moja. Unaweka mmoja kwenye mstari wa kwanza, unashuka mstari wa pili, unatafuta chumba salama, unaendelea. Ukifika mstari ambao hauna chumba hata kimoja, unarudi mstari wa juu yake, unamwondoa malkia uliyemweka, unamsogeza kwenye chumba salama kinachofuata. Mada yenyewe jina lake ni kurudi nyuma. Ndiyo maana ipo kwenye mtaala. Malkia ni kisingizio tu.

Na Mwalimu Dasta akaifundisha mada ya kurudi nyuma bila kurudi nyuma.

Mtu atauliza inawezekanaje. Inawezekana sana, ukichagua bodi ya tano kwa tano. Ukianza kushoto na kila mstari ukachukua chumba cha kwanza kilicho salama, malkia wa kwanza anakaa chumba cha kwanza, wa pili cha tatu, wa tatu cha tano, wa nne cha pili, wa tano cha nne, na umemaliza. Hukukwama hata mara moja. Festo aliigundua bodi ile mezani kwake akafurahi kama mtu aliyeokota noti. Aliichora ubaoni kwa chaki za rangi mbili, malkia wakashuka mmoja mmoja, darasa likapiga makofi. Kwa bodi ya nne kwa nne alichora jibu la mwisho tu, mbili, nne, moja, tatu, akawaambia walishike.

Aliyenyoosha mkono siku ile alikuwa Domina, binti wa Nangara, mrefu, mwenye kusema polepole.

"Mwalimu, samahani. Mada inaitwa kurudi nyuma, lakini sisi mbona hatujarudi?"

Festo alihisi joto likimpanda shingoni. Swali lilikuwa zuri na jibu lake lilikuwa ubao mchafu. "Ukiwa makini," akamjibu, "hutahitaji kurudi." Darasa likaandika maneno yale kwenye madaftari. Yalikuwa maneno ya uongo, na aliyeyasema alijua.

Kisha likaja zoezi la darasani. Bodi ya nne kwa nne, onyesha kazi. Wengine walichora bodi moja safi yenye malkia wanne. Domina alijaza ukurasa. Aliweka malkia, akamkata kwa mstari mmoja, akachora mshale kupanda juu, akaandika pembeni "hakuna nafasi, narudi", akaweka mwingine, akakata tena. Chini kabisa malkia wanne wamekaa mahali pake. Festo aliitazama karatasi ile akataka kuigeuza, kwa sababu ilifanana na meza yake ya nyumbani. Badala ya kumpa haki yake alimpa alama nne kati ya kumi, akaandika kwa wino mwekundu, "Kazi chafu. Fikiri kwanza, ndipo uandike." Halafu, na hapa ndipo alipojiharibia mwenyewe, akaiinua mbele ya darasa.

"Huyu ameandika au amelima?"

Walicheka. Domina naye alitabasamu kidogo, namna ambavyo mtu hutabasamu akiwa hana pa kujificha, akaipokea karatasi yake akaikunja mara mbili.

Mtihani wa taifa ulikuja na swali la malkia, bodi ya nne kwa nne.

Matokeo yalipotoka, mkuu wa idara, Mwalimu Conjesta, aliita kikao cha walimu. Alikuwa mama asiye na papara, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na alisoma maoni ya wasahihishaji kwa sauti ileile ambayo angesomea ratiba. Swali la malkia lilikuwa na alama kumi na tano. Bodi ya mwisho ilikuwa na alama mbili. Zilizobaki zilikuwa za hatua: malkia amejaribiwa wapi, amekataliwa kwa sababu gani, mtahiniwa amerudi mstari upi, ametengua nini, na ni matawi gani ameyakata bila kuyafuata. "Watahiniwa wa kituo hiki," Mwalimu Conjesta alisoma, "wameonyesha jibu tu. Hakuna ushahidi kwamba wanafahamu kurudi nyuma ni nini."

Hakumtazama mtu. Hapakuwa na haja. Kila aliyekaa pale alimjua mwenye somo, na Festo aliinamisha kichwa akaanza kuikanda dasta mfukoni mpaka vumbi la chaki likamwagika kwenye suruali.

Darasa karibu zima lilikuwa na sapu, mtihani wa kurudia. Lakini aibu kamili ilimkuta nje, getini. Halidi, kijana wa muuza vitambaa wa mjini, mcheshi, asiyejua kuficha neno, alikuwa amekaa juu ya pikipiki ya rafiki yake.

"Shikamoo mwalimu. Tumelambwa sapu, sio poa kabisa."

"Marahaba. Mtafanya tena, mtapita."

"Sisi tutakomaa. Ila Domina hafanyi. Amesema kompyuta siyo kazi yake, yuko stationery ya Amna pale Bagara, anatoa kopi." Halidi akasita, halafu akasema kilichomkera. "Na yeye ndiye alikuwa anajua, mwalimu. Mimi nilikaa nyuma yake. Ile michoro tunachora kwa penseli, si ndiyo? Alianza kama alivyofanya lile zoezi, ukurasa mzima, mistari, mishale. Halafu akasimama. Akachukua raba akafuta yote. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka, akaomba nyingine, akachora bodi moja safi."

Festo hakukumbuka jinsi alivyomuaga yule kijana. Alitembea kuelekea nyumbani, upepo wa kutoka mlimani Kwaraa ukimpiga vumbi usoni, na kila hatua aliona kitu kimoja: raba ikizunguka juu ya jibu sahihi. Alikuwa ameiweka yeye mkononi mwa yule binti. Si kwa kutojua. Angekuwa hakujua, angejisamehe. Alijua kazi ile ilikuwa sahihi siku alipoiita chafu, na aliicheka kwa sababu ilikuwa na ujasiri ambao yeye hakuwahi kuwa nao. Alimpandisha mtoto wa watu juu ya dawati akaliachia darasa licheke.

Aikande alimuuliza kama anaumwa. Alisema kichwa.

"Baba Benson, kichwa hakimfanyi mtu akwepe macho."

Akamweleza, kwa mafungu, akiwa ameangalia sufuria. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, akakausha mikono. "Mimi nimekuona ukikosea mezani hapo miaka yote," alisema, "na sijawahi kukucheka. Hao watoto kwa nini uliwanyima?" Alikwenda kulala njaa, na hata hilo lilimtia aibu, maana kususa chakula ni mambo ya watoto.

Siku iliyofuata alikwenda Bagara. Stationery ya Amna ni chumba kimoja chenye mashine ya kopi na kompyuta mbili, na Domina alikuwa nyuma ya kaunta akipanga karatasi za mteja. Alipomwona mwalimu wake alisimama wima.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Domina. Habari za tangu siku ile?"

"Nzuri tu."

Festo alikuwa ameyaandaa maneno njiani, kama kawaida yake. Yalikuwa maneno mazuri, yamenyooka. Yakakataa kutoka. Akajikuta ametoa kitambulisho chake mfukoni, anaomba kopi ambayo hakuihitaji. Domina akamtolea, akampa, na Festo akabaki amesimama na kopi yake huku mteja mwingine akimsukuma kwa kiwiko.

"Jumamosi asubuhi nina kipindi cha marudio," alisema hatimaye. "Malkia. Njoo."

"Mwalimu, mimi nimeshaacha."

"Unajua ile mada kuliko wote."

Domina aliangalia kaunta. Alisema polepole kama alivyozoea, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililouma. "Mimi kazi yangu chafu, mwalimu."

Festo aliondoka pale bila kuaga vizuri.

Jumamosi darasa lilijaa mapema. Halidi alikuwepo, Paskasi alikuwepo, wale wa mbele na wale wa nyuma walikuwepo. Usiku uliotangulia Festo alikuwa amejizuia kukaa mezani. Alikuwa ameapa hatafanya kazi ile nyumbani kwanza, ataifanya mbele yao kutoka mwanzo, na alipopanda jukwaani ilikuwa kana kwamba ndiyo siku yake ya kwanza kufundisha. Akachora bodi ya nne kwa nne. Alipogeuka, Domina alikuwa ameingia, amekaa dawati la mwisho karibu na mlango, mkoba haujatoka begani.

Festo aliinua chaki. "Mtihani hauombi jibu," alianza. "Jibu mnalijua. Mtihani unaomba safari, pamoja na mahali mlipopotea. Ukimwondoa malkia, usimfute. Mkate kwa mstari mmoja, aonekane, uandike kwa nini umemwondoa. Kila mstari wa bodi una malkia mmoja, kwa hiyo mlalo hautusumbui. Tunakagua safu ya wima na mshazari. Pembeni hapa nitaandika safu zilizofungwa. Nikiweka malkia, namba ya safu yake inaingia hapa. Mshazari nitaukagua kwa macho."

Akaweka malkia wa kwanza mstari wa kwanza, safu ya kwanza. Pembeni akaandika moja. Mstari wa pili: safu ya kwanza imefungwa, ya pili iko mshazari na malkia wa juu, ya tatu ni salama. Akaweka, akaandika tatu. Mstari wa tatu: safu ya kwanza imefungwa, ya pili mshazari wa malkia wa pili, ya tatu imefungwa, ya nne mshazari wa huyohuyo.

"Hakuna pa kukaa," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema hivyo mbele ya darasa. "Sasa sikilizeni, hapa kuna alama ambazo wengi wanaziacha mezani. Je, nishuke nikajaribu mstari wa nne?"

"Hapana," alisema Paskasi. "Wa tatu umeshagoma."

"Nisishuke. Malkia wa kwanza akiwa safu ya kwanza na wa pili safu ya tatu, mistari miwili ya chini inaweza kupangwa kwa namna kumi na sita, nne mara nne. Zote nazitupa bila kuitazama hata moja. Huko ndiko kupogoa. Ukipogoa mparachichi huchumi jani mojamoja, unakata tawi na majani yake yote. Andikeni sentensi hiyo kwenye jibu: tawi hili limekatwa kwa sababu mstari wa tatu hauna nafasi. Halafu narudi nyuma. Wapi? Siendi mwanzo kabisa. Naenda kwenye uamuzi wa mwisho ambao bado una chaguo. Mstari wa pili."

Akamkata malkia wa mstari wa pili kwa mstari mmoja, akaikata tatu pembeni, akamweka safu ya nne, akaandika nne. Mstari wa tatu ukakubali safu ya pili, akaandika mbili. Mstari wa nne ukagoma wote: ya kwanza, ya pili na ya nne zimefungwa, ya tatu mshazari. Akarudi mstari wa tatu, akamkata malkia, akaikata mbili pembeni. Safu ya tatu ikakataa kwa mshazari, ya nne imefungwa. Mstari wa tatu umeisha. Akarudi mstari wa pili, akamkata malkia wa safu ya nne. Mstari ule nao hauna chaguo tena. Akapanda mstari wa kwanza, akamkata malkia wa safu ya kwanza, akaikata moja pembeni. Ubao ulikuwa umejaa mikato na mishale. Lakini alikuwa anaendelea, na darasa lilikuwa linaandika.

"Malkia wa kwanza anahamia safu ya pili," akasema, akaandika mbili. "Mstari wa pili. Safu ya kwanza, mshazari. Ya pili imefungwa. Ya tatu, mshazari. Ya nne..."

Akaangalia pembeni. Nne ilikuwa imeandikwa pale, imefungwa.

"Ya nne imefungwa," alisema.

Haiwezekani. Jibu lilikuwa mbili, nne, moja, tatu. Alilijua kama jina la baba yake. Malkia wa pili alipaswa kukaa safu ya nne, na orodha yake ilisema hapana. Akakagua mshazari. Akakagua tena. Nyuma mtu alikohoa. Joto likapanda shingoni, likafika masikioni, na ghafla alikuwa tena juu ya lile dawati, miguu mitupu, namba zimemtoroka. Mkono ulikwenda mfukoni wenyewe. Dasta ilikuwa pale, laini, tayari. Mara mbili tu, kulia na kushoto, ubao ungekuwa mweusi safi, angechora malkia wanne mahali pao, angesema "mmeelewa?", na nani angemuuliza?

Aliitoa dasta. Akainua mkono hadi kwenye kona ya bodi. Hapo akamwona Domina. Alikuwa amekaza macho kwenye ile dasta, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefumba juu ya dawati kama umeshika kitu kidogo.

Festo akaishusha, akaiweka mezani.

"Nimekosea," alisema. "Mahali fulani nimekosea, na sijui ni wapi."

Hakuna aliyecheka. Pengine walishangaa mno. Festo alisubiri kicheko kile kwa mwili mzima, na kilipochelewa, alisema jambo gumu zaidi. "Domina, nisaidie. Nifanyeje?"

Binti akauvua mkoba, akatembea kati ya madawati, akasimama mbele ya ubao akausoma kutoka juu, polepole, mkato kwa mkato.

"Hapa," alisema. Alionyesha mstari wa pili, malkia aliyekatwa kwenye safu ya nne. "Huyu ulimwondoa. Lakini ulikuwa unarudi mistari miwili kwa mpigo, ukaenda kumwondoa wa juu. Pembeni ukakata moja, nne hukuikata. Malkia ameondoka, mlango wake bado umefungwa."

Ilikuwa hivyo hasa. Domina akachukua chaki akaikata ile nne. Halafu akageukia wenzake, maana kwa asili yake yule alikuwa mwalimu kuliko wengi wanaolipwa. "Kutengua ni kutengua vyote. Ukimwondoa malkia na alama yake ikabaki, utaambiwa bodi haina jibu, na jibu lipo. Na kama mwalimu angefuta, tusingeona kosa liko wapi. Tumeliona kwa sababu mikato ipo."

Akamweka malkia wa pili safu ya nne. Wa tatu akakaa safu ya kwanza. Wa nne, ya kwanza imefungwa, ya pili imefungwa, ya tatu salama. Malkia wanne, hakuna anayemla mwenzake. Halidi akapiga kofi moja, akaona yuko peke yake, akaacha.

Domina alirudisha chaki mezani, kando ya dasta, akataka kurudi kwenye dawati lake. Festo akamzuia kwa sauti ambayo hakuiandaa.

"Subiri. Darasa lisikie. Lile zoezi la Domina nililoliinua hapa, nikauliza ameandika au amelima, lilikuwa sahihi. Lilistahili kumi. Nilijua siku ileile. Nilimcheka kwa sababu mimi ndiye ninayeogopa kuonekana nimekosea, na nikawafundisha ninyi nyote woga wangu nikauita usafi. Domina, nisamehe."

Kiswahili chake kilikuwa kimevunjika katikati, lafudhi ya bomani imetoka yote, na hakurudi kuirekebisha.

Domina alitazama ubao, hakumtazama yeye. "Mwalimu, nikuulize kitu."

"Uliza."

"Kwenye mtihani niliandika hivi hivi, halafu nikafuta. Kama ningeacha vile vile, ningepita?"

Festo alitamani kuwe na jibu la upole. Kichwani alilitafuta, chumba kwa chumba, na kila chumba kilikuwa kimefungwa.

"Ungepita," alisema.

Domina alitikisa kichwa taratibu, mara moja, kukubali. Machozi yalimlengalenga, na Festo hakugeuka pembeni. Aliona hilo ndilo deni dogo kabisa analoweza kumlipa: kusimama pale na kuyatazama.

Wakati huo mlango ukafunguliwa, Mwalimu Conjesta akaingia kuwaandikisha wanaofanya sapu. Alivaa miwani, akaona ubao ule, mikato, mishale, namba zilizokatwa pembeni, akarudi nyuma nusu hatua.

"Jamani! Nani amechafua ubao hivi?"

Darasa likainamisha macho. Domina akafungua mdomo.

"Ni mimi," alisema Festo kabla yake. "Naomba usifutwe, Mwalimu. Bado tunautumia."

Mwalimu Conjesta alimwangalia, akaiangalia dasta iliyolala mezani, akaamua kutouliza. Akafungua kalamu. "Haya, majina. Domina, wewe nimeambiwa hufanyi, siyo?"

Domina alifuta uso kwa mgongo wa mkono, chaki ikamwachia mstari mweupe shavuni.

"Nafanya," alisema. "Lakini naomba kuuliza. Michoro ya bodi, inaruhusiwa kuchora kwa kalamu ya wino?"

"Inaruhusiwa."

"Basi niandike."